Usiku Nywila Ilipobadilishwa

Saa 5:29 usiku wa Jumatano, tarehe 25 Oktoba 2023, mtu asiyejulikana alikuwa ndani ya seva moja ya Maktaba ya Uingereza jijini London. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya uvamizi ambayo wachunguzi walifanikiwa kuiona baadaye. Huenda alishaingia siku nyingine kabla ya hapo, lakini ushahidi wa siku hizo, kama ulikuwepo, haukupatikana. Saa 6:21, muda usiofika saa moja, onyo lilimfikia meneja wa usalama wa mifumo.

Hakulipuuza. Alichukua hatua usiku uleule na kuendelea kuufuatilia mtandao mpaka kulipokucha, kisha suala likafikishwa kwa timu ya miundombinu ya TEHAMA. Mifumo ikapimwa kutafuta nyufa, hazikuonekana. Rekodi za shughuli zikasomwa, hapakuonekana jambo la wazi la kutia shaka. Akaunti iliyohusika ikabadilishiwa nywila, ikafunguliwa tena, na kazi za Alhamisi zikaendelea kama kawaida.

Saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumamosi, gigabaiti 440 za data zilitoka nje ya mtandao wa Maktaba. Saa 1:35 asubuhi mfanyakazi mmoja wa teknolojia alijaribu kuingia kwenye mtandao, ukamkatalia. Saa 4:00 viongozi walikuwa kwenye kikao cha dharura kwa njia ya WhatsApp, kwa sababu barua pepe na simu za kazini hazikuwa za kutegemewa tena. Kundi la wahalifu linalojiita Rhysida lilikuwa limechukua data, limezifunga seva kwa programu ya kudai fidia, na nyingine limeziharibu kabisa ili lisifuatiliwe na ili Maktaba isiweze kusimama upesi.

Mambo haya tunayajua kwa sababu Maktaba ilifanya jambo ambalo taasisi chache hulifanya: tarehe 8 Machi 2024 ilichapisha taarifa yake ya tukio, ikaeleza nini kilitokea, nini kilichukuliwa, uvamizi ulizuiwa vipi na nini kitabadilika. Watu wa fani hii huisoma kwa ajili ya Jumamosi ile. Mimi naona iliyo ya kusomwa mara mbili ni Alhamisi. Siku hiyo bado kulikuwa na muda, na kila mtu alifanya kazi yake kama alivyofundishwa.

Tuanze na ule upimaji. Chombo cha kupima nyufa huangalia kama programu ni za zamani, kama kuna mlango wa mtandao ulioachwa wazi, kama seva fulani haijawekewa marekebisho ya usalama. Hakiwezi kumwona mtu aliyeingia kwa jina halali na nywila halali. Kwa hiyo jibu la "hakuna kilichoonekana" lilikuwa la kweli, ila lilijibu swali ambalo halikuwa limeulizwa. Uchunguzi wa baadaye uliona kwamba maelezo yanayoelekea zaidi kuwa ya kweli ni kuibwa kwa nywila za akaunti yenye mamlaka makubwa, labda kwa barua pepe ya ulaghai au kwa kubahatisha nywila mara nyingi kwa mashine. Hata leo njia yenyewe haijathibitishwa, maana seva ambazo zingetoa jibu ziliharibiwa.

Kubadilisha nywila nako ni hatua sahihi, lakini kuna kitu isichokifanya. Mtu ambaye tayari yuko ndani hatolewi nje na nywila mpya. Kikao alichokifungua kinaweza kuendelea hadi kikatwe. Akiwa na mamlaka ya kutosha anaweza kuwa amejitengenezea akaunti nyingine, au amepanda programu ndogo ya kumrudisha ndani kesho. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango wakati mwizi yuko darini. Taarifa ya Maktaba yenyewe ilikiri jambo hili katika mafunzo yake: hata dalili ndogo kabisa ya uvamizi inastahili uchunguzi wa kina, kwa kuwa mvamizi akishaingia humwia rahisi kujikita na kukwepa ukaguzi wa kawaida.

Sasa tufanye zoezi. Sijui asubuhi ile nani aliandikiwa nini, na sitabuni. Lakini tuseme meneja wa usalama katika taasisi yoyote anaketi mezani saa 3 asubuhi, hajalala, ana onyo la usiku na majibu mawili ya "hatukuona kitu". Taarifa yake kwa uongozi ingeweza kuwa ukurasa mmoja usiojaa, hivi:

"Kwa Mkurugenzi Mtendaji. Alhamisi, 09:00. Leo saa 00:21 tulipata onyo kwamba huenda mtu asiyeruhusiwa ameingia kwenye mtandao wetu kwa kutumia akaunti halali. Akaunti hiyo tumeifunga. Mwenye akaunti tumempigia simu. Amesema hakuwa kazini wala hakuitumia. Kwa hiyo tunalichukulia tukio hili kuwa uvamizi uliothibitika.

Tunachojua: akaunti ilitumika kuanzia 23:29, kupitia seva ya kuingilia kutoka mbali. Tusichojua: nywila ilipatikanaje, kama kuna akaunti nyingine iliyochukuliwa, na kama ameacha njia ya kurudi. Upimaji wa nyufa haujaonyesha kitu, lakini upimaji huo hauwezi kumwona mtu mwenye nywila sahihi, hivyo usichukuliwe kuwa uthibitisho wa usalama.

Data: mpaka sasa hatuna dalili kwamba imetoka. Trafiki ya kwenda nje tumeikagua hadi saa 06:00 tu.

Tunaomba uamuzi leo kabla ya saa 11:00: kwanza, kuifunga seva ya kuingilia kutoka mbali kwa saa 48. Wakandarasi watasimama, na baadhi ya matengenezo yataahirishwa. Pili, kuita wachunguzi wa nje. Taarifa inayofuata: leo saa 16:00, hata kama hakuna jipya."

Mwenye akaunti kupigiwa simu ni sehemu niliyoiweka mimi, na saa zote isipokuwa 23:29 na 00:21 ni za mfano. Ila simu hiyo ndiyo hatua ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii. Swali "ulikuwa wewe?" likijibiwa hapana, neno "huenda" linafutika kwenye taarifa, na mazungumzo na uongozi yanageuka. Likijibiwa "ndiyo, nilisahau kompyuta ya nyumbani ikiwa wazi", umeokoa taasisi siku mbili za kusimama bure. Maonyo mengi ya usiku huishia kwenye jibu hilo la pili, jambo ambalo mtu wa usalama hapaswi kulificha. Mkurugenzi aliyeamshwa mara tano kwa jambo lisilokuwepo hataamka mara ya sita, na hilo si kosa lake peke yake.

Angalia pia jinsi sentensi ya data ilivyoandikwa. Mwandishi aliyechoka angeandika "hakuna data iliyotoka". Sentensi hiyo ni fupi, inatuliza, na hana haki ya kuiandika. Alichonacho ni kwamba ameangalia mpaka saa fulani na hajaona. Kiongozi akipewa sentensi ya kwanza atakwenda nayo kwenye bodi, bodi itakwenda nayo kwa mdhibiti, na baada ya siku nne faili za wafanyakazi zikionekana zinauzwa, sentensi ile itasomwa kwa sauti na watu wasio na huruma. Andika ulichokagua, na uandike ukomo wa ukaguzi wako.

Kuhusu saa kuna neno moja kwa sisi wa Afrika Mashariki. Hapo juu, nilipokuwa nasimulia, nimetumia saa zetu: saa 6:21 usiku. Ndani ya taarifa nimeandika 00:21. Kwenye simulizi haidhuru, kwenye taarifa inadhuru sana. Rekodi za seva nyingi huandikwa kwa saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Mhandisi akinakili 21:21 kutoka kwenye seva, mlinzi akaandika "saa 6:21 usiku" kwenye daftari la getini, na meneja akaandika 00:21, hayo ni matukio matatu kwa msomaji asiyejua na tukio moja kwa anayejua. Taarifa ichague saa moja, iseme ni ipi kwenye mstari wa kwanza, na kila rekodi igeuzwe kuifuata kabla haijaingia kwenye mfuatano wa matukio. Mfuatano ukishavurugika, hakuna atakayeweza kusema kama mvamizi alitoka kabla ya akaunti kufungwa au baada yake.

Turudi London, kwenye data, maana hapa ndipo taarifa nyingi za tukio hupwaya. Jumla iliyochukuliwa ilikadiriwa kuwa gigabaiti 600. Namba hiyo ilisambaa magazetini, lakini mjumbe wa bodi hawezi kufanya nayo lolote. Inaweza kuwa picha za majengo, inaweza kuwa pasipoti. Taarifa ya Maktaba ilifanya jambo bora zaidi: ilieleza jinsi data ilivyochaguliwa, na hapo ndipo mtu anaelewa nani ameumia.

Wahalifu walitumia njia tatu. Ya kwanza, walinakili sehemu nzima za hifadhi za idara za fedha, teknolojia na rasilimali watu. Hii ilikuwa takriban asilimia 60 ya vyote walivyonakili. Ya pili, walipitisha msako wa maneno katika mtandao wote, wakichota kila faili lenye jina kama `passport` au `confidential`. Ya tatu, walitumia zana za kawaida za mifumo ya Maktaba yenyewe kutengeneza nakala za hifadhidata 22, baadhi zikiwa na mawasiliano ya wateja na watumiaji wa huduma.

Njia ya pili inanikera kuliko nyingine, kwa sababu ilivua faili ambazo hakuna orodha ya idara yoyote iliyozitaja. Wafanyakazi waliruhusiwa na sera kuweka vitu vyao binafsi kiasi fulani kwenye hifadhi za kazini, kwa hiyo msako ule ulichukua pia nyaraka binafsi: tuseme, nakala ya hati ya kusafiria aliyoiskani mtu wakati wa mapumziko ya mchana, akaisahau. Nenda ofisi yoyote unayoijua, iwe Posta Mpya Dar es Salaam au Upper Hill Nairobi, ufungue hifadhi ya pamoja na utafute neno `nida`, `kitambulisho` au `mshahara`. Utakachokiona ndicho mvamizi atakachokichukua katika dakika zake za kwanza, na ndicho kifungu cha "data iliyoathirika" kinapaswa kukisema: watu wa kundi gani, wangapi kwa makadirio, taarifa za aina gani, na mtu akiwa nazo anaweza kuwafanyia nini. Namba ya kitambulisho pamoja na namba ya simu ni hatari ya laini kusajiliwa upya kwa jina la mwingine. Hati ya mshahara ni hatari ya mkopo wa kughushi. Mkurugenzi anaelewa lugha hiyo mara moja.

Sheria nayo haingoji uchunguzi ukamilike. Uingereza, mdhibiti wa taarifa binafsi anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu taasisi ijue kuna uvunjaji unaohatarisha watu. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka saa hizohizo 72 kwa Kamishna wa Data. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwezi Mei 2023, na Tume yake. Saa huanza kuhesabiwa pale unapojua. Ndiyo maana mstari wa "tulijua lini" una uzito wa kisheria kuliko mstari mwingine wowote kwenye ukurasa, na ndiyo maana si busara kuufanya uonekane umechelewa ili kujinunulia siku. Rekodi za seva zitausema ukweli baadaye.

Katika kuzuia, nitataja mambo mawili tu, kwa kuwa ndiyo yanayokosewa na watu wenye nia njema. La kwanza ni kuzima mashine. Mtu akiona faili zinabadilika majina mbele ya macho yake, mkono unakwenda kwenye swichi. Afadhali kuchomoa waya wa mtandao na kuzima Wi-Fi, mashine ikabaki inawaka. Kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ile inayopotea umeme ukikatika, inaweza kuwa na programu ya mvamizi, anwani anayoongea nayo, pengine hata ufunguo wa kufungulia faili. Ila kama huwezi kuitenga na mtandao na uharibifu unaendelea, izime. Data iliyobaki ni bora kuliko ushahidi. Hatua hiyo nayo iandikwe kwenye taarifa, pamoja na saa na jina la aliyeamua.

La pili ni njia ya kuwasiliana. Kamati inayojadili uvamizi kwa barua pepe iliyovamiwa inamsomea adui mpango wake. Maktaba ilihamia WhatsApp asubuhi ileile. Kazi hiyo inahitaji orodha ya namba za simu ambayo haiko kwenye seva iliyofungwa, jambo ambalo taasisi nyingi hugundua siku ya tukio.

Rhysida waliiweka data mnadani wakitaka kuanzia bitcoin 20, kiasi cha pauni 600,000 hivi kwa thamani ya wakati ule. Maktaba haikulipa. Mwishoni mwa Novemba data ikamwagwa kwenye mtandao wa giza. Orodha kuu ya vitabu, yenye rekodi takriban milioni 36, ilirudi tarehe 15 Januari 2024, tena kwa kusomwa tu. Huduma nyingine zilichukua muda mrefu zaidi.

Nakala rudufu za makusanyo ya kidijitali zilikuwepo, na zilikuwa salama. Kilichokosekana ni mahali pa kuzirudisha. Seva zilikuwa zimeharibiwa, na baadhi ya mifumo ilikuwa ya zamani mno: ama watengenezaji walishaacha kuihudumia, ama haikuweza kufanya kazi kwenye miundombinu mipya iliyo salama. Kwa hiyo ukiona kwenye taarifa ya tukio sentensi "tunazo nakala rudufu", uliza zitarudishwa kwenye mashine ipi, nani alishawahi kufanya hivyo, na ilichukua siku ngapi. Kama jibu la swali la pili ni kwamba hakuna aliyejaribu, basi siku za swali la tatu ni za kukisia, na taarifa iseme hivyo.

Imebaki ile seva yenyewe ambamo alama ya kwanza ya uvamizi ilionekana. Ilisimikwa mwezi Februari 2020 ili wakandarasi wa kuaminika na wasimamizi wa mifumo waweze kuingia wakiwa mbali. Ilichukua nafasi ya mfumo wa awali ambao ulionekana hauna usalama wa kutosha. Ilikuwa na kinga za mtandao na za virusi. Mwaka huohuo Maktaba ilileta uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kuandika nywila kisha kuthibitisha kwa simu, kwa barua pepe na huduma nyingine za mtandaoni. Seva hii haikuingizwa. Sababu zilitajwa: ugumu wa utekelezaji, gharama, na athari kwa miradi iliyokuwa ikiendelea. Mwishoni mwa mwaka 2022, kamati ya ndani ilitaja kuongezeka kwa watu wa nje kwenye mtandao kuwa hatari. Mapitio yalipangwa kufanyika mwaka 2024.

Hakuna aliyelala kazini hapo. Kila uamuzi ulikuwa na sababu, na pengine kila sababu ilikuwa ya haki siku ilipotolewa. Kilichotokea ni kwamba ruhusa ya muda iligeuka kuwa hali ya kudumu, kwa kuwa haikuwa na siku ya kuisha. Kwa hiyo sehemu ya kinga isiishie kwenye "tutaimarisha usalama na kutoa mafunzo kwa wafanyakazi", maneno ambayo yangefaa taarifa yoyote ya mwaka wowote. Iandike milango yote ya kuingilia kutoka mbali, mmoja baada ya mwingine, na mbele ya kila mmoja iseme kama una uthibitisho wa hatua mbili au hauna. Ule usio nao uandikiwe unatumiwa na nani, nini kinalegezwa kwa sababu yake, kiongozi gani ameridhia ubaki hivyo, na tarehe ambayo ridhaa hiyo itakufa yenyewe na mlango ufungwe, bila kungoja kikao.